Madirisha yanahama, roshani inayeyuka: kurekebisha ramani za kina na kingo unapobadilisha sura ya nyumba ya Mikindani

Chukua nyumba ya ghorofa moja pale Mikindani, kilomita chache kutoka Mtwara mjini. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake karibu nusu mita. Chini kuna baraza na mlango wa nakshi katikati, juu kuna madirisha matatu na roshani ya mbao. Lipu imebanduka, na weusi wa ukungu umeshuka kutoka kwenye bati hadi kwenye vizingiti. Wenye nyumba wanataka kuiona ikiwa na chokaa nyeupe na mbao za kijani kabla hawajanunua hata debe moja la rangi. Unaipa modeli ya picha ile picha ya simu pamoja na maelekezo, na inakurudishia nyumba ya kupendeza ambayo si yao: madirisha yamekuwa manne, mlango umesogea kushoto, roshani imekuwa dari la saruji.

Ukishajua ni wapi modeli inaamua umbo la nyumba, dalili nyingi zinajieleza zenyewe. Modeli za aina ya Stable Diffusion huanza na picha iliyojaa kelele, yaani vitone vya rangi vya kubahatisha, kisha huisafisha hatua kwa hatua, mara nyingi hatua 20 hadi 30. Hatua za mwanzo ndizo zinazopanga mambo makubwa: ukuta unaishia wapi, paa liko wapi, uwazi uko wapi. Za mwisho zinashughulika na chembechembe za lipu, mistari ya mbao na mng'ao wa rangi. Ukitumia picha yako kama mwanzo, kiasi cha kelele unachoongeza ndicho kinachoamua nini kibaki. Kelele ikiwa ndogo, nyumba inabaki ilivyo pamoja na ukungu wake. Ikiwa kubwa kiasi cha kuufuta ukungu, inafuta na mahali madirisha yalipokuwa, na modeli inayapanga upya kwa kubahatisha. Huwezi kupata rangi mpya na umbo la zamani kwa kitufe hicho kimoja.

Hapo ndipo ControlNet, nyongeza ya modeli hizo iliyotolewa mwaka 2023, inapofaa. Modeli ya asili inaachwa kama ilivyo, na nusu yake ya kusoma picha inanakiliwa. Nakala hiyo inafundishwa kwa jozi za picha na ramani yake, yaani mchoro wa kina au wa kingo uliotolewa kwenye picha hiyo hiyo. Kazini, nakala inaisoma ramani yako na kuongeza masahihisho yake ndani ya modeli ya asili katika kila hatua ya kusafisha. Kwa hiyo dirisha linapoanza kuhama katika hatua ya tatu, hatua ya nne inalivuta kurudi. Ni mvuto tu, si kufuli, na nguvu yake unaipanga wewe kwa namba ya uzito. Ramani yenyewe haina rangi wala lipu ya zamani, na hiyo ndiyo faida yake kubwa: umbo linapita peke yake, sura ya nje unaiandika upya.

Kabla ya kugusa uzito wowote, fungua ramani zenyewe uzitazame kwa ukubwa kamili. Kasoro nyingi zinaonekana humo kwa macho tu, na ni rahisi kuzirekebisha humo kuliko kuzifukuza kwenye matokeo.

Dalili: ukuta na paa vimetulia, lakini madirisha yanahama au yanaongezeka

Karibu kila mara hapa inatumika ramani ya kina peke yake, na picha imepigwa kwa kusimama mbele ya nyumba moja kwa moja. Ramani ya kina ni picha ya kijivu inayosema kila pikseli iko mbali kiasi gani na kamera: kilicho karibu ni cheupe, cha mbali ni cheusi. Inajua vizuri kwamba baraza iko mbele ya ukuta na mnazi uko nyuma ya paa. Tatizo ni kwamba ukuta unaotazamwa usoni ni bapa, na dirisha ni shimo dogo ndani ya ubapa huo.

Piga hesabu uone. Programu za kukadiria kina kama MiDaS hazitoi mita, zinatoa kinyume cha umbali, yaani moja gawanya kwa umbali, kisha namba hizo zinatandazwa kati ya 0 na 255. Tuseme umesimama mita 15 kutoka ukutani, na chini ya picha kuna mchanga ulio mita 3 tu kutoka kwenye kamera. Mchanga ndio unaopata 255, anga inapata 0. Ukuta wa mita 15 unaangukia 51. Dirisha lililozama sentimita 30 liko mita 15.3, nalo linaangukia 50. Dirisha zima limebanwa ndani ya tofauti ya namba moja ya kijivu. Jicho halioni, na modeli haioni. Inaona ukuta mtupu na kujaza madirisha inavyojua yenyewe.

Dawa ya kwanza ni kuukata mchanga. Kata picha ianzie kwenye ukingo wa baraza ndipo uikadirie kina. Dawa ya pili ni kuutandaza upya ule upande wa kina unaoihusu nyumba tu. Ukiweka mwanzo kwenye mita 13, penye ukingo wa baraza, na mwisho kwenye mita 17, nyuma kidogo ya ukuta, ukuta unakuwa 110 na dirisha linakuwa 92. Sasa kuna hatua 18 za kijivu kati yao, na kingo za dirisha zinaonekana. Fanya hivyo kwenye namba za desimali zilizotoka kwa programu ya kina. Ukiitandaza faili ya PNG iliyokwisha kubanwa, ile tofauti ya namba moja inageuka ngazi zenye mikato, na modeli huichora mikato hiyo kama mistari ya lipu.

```python
import cv2, numpy as np
d = np.load("kina.npy")                 # namba za desimali
m = cv2.imread("nyumba_mask.png", 0) > 0
lo, hi = np.percentile(d[m], [1, 99])
d = np.clip((d - lo) / (hi - lo), 0, 1)
cv2.imwrite("kina.png", (d * 255).astype("uint8"))
```

Ile `nyumba_mask.png` ni picha nyeusi ambayo nyumba peke yake umeipaka nyeupe. Dakika tano kwa brashi zinatosha. Angalia usitandaze kupita kiasi. Dirisha likiwa jeusi tititi kwenye ramani, modeli inaamini ni handaki na kukupa ukuta wa ngome.

Hesabu hii ina mpaka wake: inadhani programu ya kina imeliona zamio la dirisha. Kama vipande vya dirisha vimefungwa na rangi yake inafanana na ukuta, mara nyingi haitaliona kabisa, na hakuna kutandaza kutakakoliokoa. Hapo unahitaji ramani ya kingo, au rudi ukapige picha kutoka pembeni kidogo ili miimo ya madirisha ionekane unene wake.

Dalili: madirisha yamekaa, lakini ukuta mpya una nyufa na madoa ya zamani

Hii ni shida ya upande wa pili. Ramani ya kingo ya Canny ni mistari myeupe juu ya weusi, kila mahali ambapo mwanga unabadilika ghafla. Inalishika dirisha hata kama ukuta ni bapa, kwa sababu haijali umbali. Ila haijui tofauti ya ukingo wa dirisha na ukingo wa doa la ukungu. Kwake lipu iliyobanduka, ufa, waya wa umeme na kivuli cha makuti ukutani ni mistari sawasawa na fremu. Modeli ikipewa mistari hiyo inaiheshimu: ufa unageuka kiungo cha mawe, kivuli cha makuti kinageuka nakshi ya ajabu juu ya dirisha.

Canny ina vizingiti viwili. Mstari wenye nguvu kupita kizingiti cha juu unakubaliwa. Ulio chini ya kizingiti cha chini unatupwa. Wa katikati unakubaliwa iwapo tu umeungana na mstari wenye nguvu. Watu wengi hushusha vizingiti ili wapate kila kitu, na kwenye ukuta wa matumbawe hilo ndilo kosa. Anza na 100 na 200, kisha pandisha hadi madoa yaanze kutoweka huku fremu zikibaki. Kabla ya hapo lainisha picha kwa kichujio kinacholinda kingo kubwa:

```python
g = cv2.imread("nyumba.png", 0)
g = cv2.bilateralFilter(g, 9, 60, 60)
cv2.imwrite("kingo.png", cv2.Canny(g, 100, 200))
```

Kichujio hiki kinaulainisha ukuta bila kuzila kingo za madirisha, tofauti na kichujio cha kawaida cha kulainisha cha programu za picha kinachovilainisha vyote. Hata hivyo hakitakiondoa kivuli cha mnazi cha saa nne asubuhi, maana kivuli cha jua kali la pwani kina ukingo mkali kuliko fremu yenyewe. Kwa kivuli kuna njia mbili. Piga picha siku ya mawingu, au saa ambayo jua liko nyuma ya nyumba. Ukishindwa, ifungue `kingo.png` kwenye programu ya kuchora, shika brashi nyeusi, futa kila mstari ambao fundi asingeujenga. Ndiyo kazi ya mkono yenye faida kuliko zote katika shughuli hii. Ukiwa hapo hapo, shika brashi nyeupe ya pikseli moja au mbili uunganishe fremu zilizokatika, hasa upande wa chini wa madirisha, ambako doa la ukungu hulificha ukingo.

Ukifuta kwa mkono na bado madoa yanarudi, kosa haliko kwenye ramani. Umetumia picha ya zamani kama mwanzo na kelele ndogo mno. Pandisha `strength` hadi 0.8 au zaidi. Ramani sasa ndiyo inayobeba umbo, picha ya zamani haina kazi kubwa tena.

Dalili: umbo ni sahihi kabisa, ila nyumba inaonekana ya karatasi

Baraza imegandamana na ukuta, roshani haitoi kivuli, paa linaonekana kama mstari uliochorwa juu ya ukuta. Kingo peke yake ndizo zinazofanya hivi. Mstari hausemi upande gani uko mbele. Mstari wa chini wa roshani unaweza kuwa ukingo wa sakafu iliyotokeza mita moja, au mkanda wa rangi uliopigwa ukutani, na modeli inachagua lililo rahisi kwake. Ndiyo maana nyumba ya aina hii inataka ramani zote mbili: kingo zishike mahali pa madirisha, kina kiseme kipi kimetokeza.

Ukiziweka zote mbili kwa uzito wa 1.0, masahihisho yake yanajumlishwa, na matokeo yanakuwa makavu, yenye kingo nyeusi nzito na rangi zilizoungua. Mwanzo mzuri kwa nyumba kama hii ni kingo kwa uzito wa 0.7 na kina kwa 0.5. Kingo zisimamishe kwenye asilimia 65 ya hatua, kina kiache hadi mwisho. Sababu ni ile ile ya mwanzo: baada ya asilimia 65 nafasi za madirisha zimeshaamuliwa, na modeli inahitaji uhuru wa kuweka mawimbi madogo ya lipu ya chokaa bila mstari kuisimamia. Kina hakina chembechembe zozote, kwa hiyo kukaa kwake hadi mwisho hakudhuru, na kinasaidia vivuli viangukie mahali pake. Kwenye maktaba ya `diffusers` inaandikwa hivi, ramani ya kingo ikitangulia:

```python
controlnet_conditioning_scale=[0.7, 0.5],
control_guidance_start=[0.0, 0.0],
control_guidance_end=[0.65, 1.0],
```

Usibadilishe mambo mawili kwa pamoja. Ifunge namba ya `seed`, inayoamua kelele za mwanzo, endesha kingo peke yake, kisha kina peke yake, kisha zote mbili. Kosa likionekana kwenye picha ya kingo peke yake, usipoteze muda kwenye kina.

Dalili: fito za roshani zinayeyuka na kuwa ubao

Watu hupandisha uzito hapa, na haisaidii. Modeli hizi hazichori pikseli moja moja; zinafanya kazi kwenye picha iliyobanwa, ambamo kila chumba kimoja kinabeba mraba wa pikseli 8 kwa 8. Tuseme picha yako ina upana wa pikseli 1152 na nyumba ya mita 12 imechukua 1050 kati yake. Hiyo ni kama pikseli 87 kwa mita. Ufito wa sentimita 4 unapata pikseli tatu na nusu, chini ya nusu ya chumba. Ramani yako inaweza kuwa na fito zote zimenyooka vizuri, lakini chombo kinachozichora hakina nafasi ya kuzitenganisha.

Dawa ni ukubwa, si uzito. Maliza kwanza nyumba nzima. Kisha kata eneo la roshani peke yake, la upana wa mita 4 hivi, kutoka kwenye picha ya asili ya simu, lipanue kufikia pikseli 1000, na utengeneze ramani zake upya kwa ukubwa huo. Sasa ufito una pikseli 10, umepita chumba kimoja. Lichore eneo hilo peke yake kwa maelekezo yale yale, lipunguze, ulirudishe mahali pake. Nondo za madirisha na luva zinatibiwa vivyo hivyo.

Dalili: nyumba imenenepa, imelala, au ramani haifanyi kazi kabisa

Haya ni ya haraka. Nyumba iliyonenepa ina maana uwiano wa ramani na wa picha inayotoka hautoshani. Picha ya simu ya 4000 kwa 3000 ni nne kwa tatu, basi toa 1152 kwa 864, usitoe 1024 kwa 1024. Kwenye kiolesura chenye chaguo la `Just Resize`, jua kwamba linavuta picha kwa nguvu. `Crop and Resize` inakata badala ya kuvuta. Ukiona mistari ya kingo ni minene na yenye ngazi, ramani ilitengenezwa kwa 512 kisha ikapanuliwa, washa `Pixel Perfect`.

Nyumba iliyolala kwa juu imetoka kwenye kamera yenyewe: ulisimama karibu ukaiinamisha simu kwenda juu. Ramani inaushika mwinamo huo kwa uaminifu, huku modeli ikijua kwamba kuta husimama wima, na inanyoosha nusu tu. Zinyooshe wima kwenye picha kwanza, ndipo utengeneze ramani.

Mwanga ukigeuka, baraza ikawa shimo na anga ikawa ukuta, ramani ya kina imepinduliwa. Baadhi ya programu zinatoa mita halisi, ambamo cha mbali ndicho chenye namba kubwa. Igeuze. Na kama kazi inasimama kwa ujumbe unaoanza na `mat1 and mat2 shapes cannot be multiplied`, umeoanisha ControlNet ya SD 1.5 na modeli ya SDXL, matoleo mawili tofauti ya Stable Diffusion. Faili kama `control_v11p_sd15_canny` na `control_v11f1p_sd15_depth` ni za SD 1.5 tu.

Dalili: ramani ni safi, uzito ni sawa, na bado matao yanaota juu ya madirisha

Soma maelekezo yako. Ukiandika jina la mtindo wa pwani, modeli inaleta matao yenye ncha na kuta za kasri, hata kama madirisha ya Mikindani unayoyashughulikia ni ya mraba. Ramani inavuta huku, maneno yanavuta kule, na tao linachorwa kwenye lipu tupu juu ya dirisha, ambako hakuna mstari wa kulizuia. Andika vifaa na rangi, acha majina ya mitindo:

```text
white lime plaster wall, green painted wooden shutters,
wooden balcony, corrugated iron roof, overcast light
```

Kupima kabla ya kuwaonyesha wenye nyumba

Jicho linasamehe sana, kwa hiyo pima. Itengenezee picha iliyotoka ramani ya Canny kwa vizingiti vile vile, ipake nyekundu, iweke juu ya ile ya awali iliyopakwa kijani. Kona za madirisha zikiachana chini ya pikseli 4, nyumba imekaa. Zikifika 8, ambazo kwa vipimo vya mfano wetu ni kama sentimita 9 ukutani, ongeza uzito wa kingo kwa 0.1 au peleka mwisho wake hadi asilimia 80. Tofauti hiyo ya sentimita inaonyesha pia matumizi ya picha hii yanakoishia. Inafaa kuchagua rangi na kujadili roshani. Fundi seremala asikatie fremu kutoka humo.

Mlango wa nakshi haushikwi na ramani yoyote kati ya hizi. Kina kinauona ubao bapa, Canny inaona msitu wa mistari midogo kuliko chumba cha pikseli 8, na modeli inabuni maua yake mwenyewe mahali pa yale yaliyochongwa. Usiuache ubuniwe. Upake mlango na miimo yake kwenye ramani ya kufunika, picha nyeusi kama ile `nyumba_mask.png`, urudishe pikseli za picha ya asili kama zilivyo, kisha rekebisha mwanga wake tu ulingane na ukuta mpya. Acha ukingo wa kuchanganya wa pikseli 4 hadi 6 kwenye lipu, upande wa nje wa miimo, usiingie kwenye mbao.